Shajara ya mradi: cheni mbili za moto kwenye vumbi la Goma, 14/42 na 15/45

Kabla ya kufunga chochote

Moto ni mbili, za mwenye mmoja, aina moja, injini ya 125. Zote zinabeba abiria kati ya Birere, Ndosho na barabara ya Sake, na zote zilikuwa na pinyo ya mbele ya meno 14 na pinyo ya nyuma ya meno 42. Cheni ni 428. Mwenye moto analalamika kwamba kila mara ananunua kiti nzima, yaani cheni na pinyo zote mbili, na kabla pesa haijarudi cheni imeanza kuruka. Motari wake mmoja naye ana ombi lake: anataka meno 13 mbele, kwa sababu akiwa na watu wawili na gunia la makala moto inachoka kupanda.

Ombi la 13 nimelikataa, na ni vizuri niandike sababu, kwa kuwa mradi wote umetoka hapo. Uwiano wa sasa ni 42 kugawanya kwa 14, yaani 3. Shafti ya giaboksi ikizunguka mara tatu, gurudumu linazunguka mara moja. Ukiweka 13 uwiano unakuwa 3.23, na kweli moto inapata nguvu zaidi ya kuvuta, karibu asilimia 8. Lakini kwa mzunguko uleule wa injini, pale ulipokuwa unakwenda kilomita 60 kwa saa sasa utakwenda 56 hivi. Hilo motari angelikubali. Tatizo liko kwenye cheni yenyewe. Pinyo ndogo ina kipenyo kidogo, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya injini inavuta cheni kwa ukali zaidi. Tena kila pingili inapoingia kwenye pinyo ya meno 13 inakunjwa karibu digrii 28, wakati kwenye meno 15 inakunjwa 24 tu. Cheni ya moto inakufa kwa mambo hayo mawili: inakunjwa huku imebanwa. Ukipunguza jino mbele, unayaongeza yote mawili kwa wakati mmoja.

Ndipo nikafikiri kwenda upande wa pili. Meno 15 mbele na 45 nyuma yanatoa 3 ileile. Motari hatahisi tofauti yoyote kwenye mlima wala kwenye tambarare, ila cheni itavutwa kwa nguvu pungufu na itakunjwa kidogo. Basi moto ya kwanza, ninayoiita A, inabaki na 14/42 mpya. Moto B inapata 15/45. Cheni ni za aina moja na zimetoka duka moja, na mafuta ni ya chupa moja. Tuone.

Kununua

Pinyo ya 45 haikupatikana kirahisi. Muuzaji mmoja alinipa pinyo ya 420 akisema ni sawa, cheni inaingia. Ni kweli inaingia. Tarakimu ya kwanza ya namba ya cheni inahesabu sehemu za nane za inchi, kwa hiyo 420 na 428 zote zina hatua ya nusu inchi, milimita 12.7 toka kituo cha pini moja hadi kituo cha pini inayofuata. Kinachotofautiana zaidi ni upana wa ndani: 428 ni karibu milimita 8, 420 ni 6.35. Cheni ya 428 juu ya jino jembamba la 420 inayumba kushoto na kulia, na uzito wote unabebwa na sehemu ndogo ya rola. Mtu akitaka kuhakikisha dukani apime unene wa jino kwa kalipa: la 428 linakaribia milimita 7, la 420 linakaribia 6. Ukiwa na cheni mkononi ni rahisi zaidi, iweke juu ya jino uisukume kwa pembeni.

Urefu wa cheni niliuhesabu kabla ya kukata, kwa sababu pingili ukishaikata hairudi. Kanuni ni hii, L ikiwa idadi ya pingili, C umbali kati ya vituo vya pinyo mbili, p hatua ya cheni, N1 meno ya mbele na N2 meno ya nyuma:

```
L = 2C/p + (N1+N2)/2 + ((N2-N1)/6.283)^2 * p/C
```

Moto A ina pingili 116 na umbali wa milimita 556. Kwa 15/45, sehemu ya katikati inapanda kutoka 28 hadi 30, na ile ya mwisho inabadilika kidogo sana. Jibu likawa 118, na ekseli ya nyuma inabaki karibu palepale, tofauti isiyofika nusu milimita. Hiyo ilikuwa bahati, maana ingeangukia 117 ningelazimika kusogeza ekseli nusu hatua nzima ili nipate namba inayogawanyika kwa mbili.

Kuhusu nafasi: pinyo ya 45 inazidi ile ya 42 kwa milimita 12 za kipenyo, sita kila upande. Kava ya cheni iligusa kwa juu, nikaigonga kidogo kwa nyundo. Pinyo ya mbele ya 15 iliingia bila shida.

Kilomita 0: kipimo cha kwanza

Namna ya kupima ni muhimu kuliko chombo cha kupimia. Watu wengi wanaivuta cheni kwa nyuma ya pinyo kubwa waone kama inainuka. Hilo linakuonyesha cheni iliyokwisha kufa, halikuonyeshi inayokwenda kufa. Mimi nimeitoa, nimeiosha kwa mafuta ya taa, nimeitundika kwenye msumari mnene ukutani na chini nimefunga bido ya lita 20 iliyojaa maji, ili kila kiungo kivutike. Kisha nikapima hatua 20, kutoka ukingo wa pini ya kwanza hadi ukingo uleule wa pini ya ishirini na moja. Cheni ya 428 kwa hesabu ni milimita 254 kamili. Kikomo changu ni asilimia 2, ambayo ni 259.1. Napima sehemu tatu na kuandika iliyo ndefu kuliko zote.

Zote mbili zilisoma 254.2.

Neno la cheni "kuvutika" linapotosha kidogo, kwa hiyo nalieleza hapa mara moja. Chuma cha mabamba hakirefuki. Ndani ya kila kiungo kuna pini inayozunguka ndani ya bushi, na hizo mbili zinasagana. Pini inapungua upande mmoja, bushi inapanuka, na cheni nzima inapata urefu wa ule upenyo mdogo mara mia na kitu. Kwa hiyo mafuta unayoyaona yaking'aa juu ya rola hayana kazi kubwa. Yanayohitajika ni yale yaliyopenya kwenye mwanya kati ya bamba la ndani na bamba la nje, yakafika kwenye pini. Cheni hizi hazina pete za mpira za kufungia grisi ndani. Kila kitu kinaingia: mafuta, maji na mchanga.

Na mchanga wa hapa si mchanga wa kawaida. Mji umekaa juu ya makoro, yaani mawe ya lava ya volkano. Mtiririko wa Nyiragongo wa Januari 2002 ulipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, na barabara nyingi za mitaa mpaka leo ni lava iliyovunjwa. Vumbi lake jeusi lina kingo kali. Likichanganyika na mafuta mazito linakuwa kama unga wa kusugulia vali.

Ndiyo maana nimekataza mafuta machafu ya injini, ambayo kila motari anapenda kwa kuwa ni ya bure. Tunatumia mafuta ya giaboksi, 80W-90, machache, kwenye upande wa ndani wa cheni ile ya chini, gurudumu likizungushwa kwa mkono. Cheni ikikimbia yenyewe inayasukuma kwenda nje kupitia kwenye viungo. Baada ya hapo kitambaa, mpaka nje ibaki kavu. Motari wawili wameonyeshwa, kila mmoja kapewa kichupa chake.

Klipu ya kiungo cha kufungia: upande uliofungwa unatazama mwelekeo wa cheni inakoenda. Nimeangalia zote mbili.

Kilomita 500

Zote zimelegea, kama cheni mpya inavyofanya pini zinapokaa mahali pake. Nimekaza, na hapa nilibishana na motari wa moto A. Anataka cheni iwe ngumu kama waya wa gita. Anasema ikilegea inapiga kelele kwenye makoro.

Nikamwambia: ndugu, kaa juu ya moto na mwenzako akae nyuma. Wakakaa. Cheni iliyokuwa na ulegevu wa milimita 15 ikabaki haina hata 5. Hiyo inatokea kwa sababu mkono wa gurudumu la nyuma haukufungwa pale ilipo pinyo ya mbele. Boliti yake iko nyuma kidogo. Moto ikibonyea chini ya uzito, pinyo ya mbele, boliti ya mkono na ekseli zinakaribia kukaa kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo umbali kati ya pinyo mbili unakuwa mrefu kuliko wakati wowote. Kama hakuna ulegevu uliobaki, shimo la kwanza la Mugunga linavuta moja kwa moja beringi ya shafti ya giaboksi. Utaona mafuta yanavuja nyuma ya pinyo ya mbele na utafikiri ni sili tu.

Tumeweka milimita 25 bila mtu, tukipima mahali ambapo cheni imekaza zaidi gurudumu likizunguka, na tukahakikisha wawili wakikaa bado inacheza. Hajaridhika, lakini amekubali.

Kilomita 1,500

Moto B haina la kuandika. Kwenye moto A nimeona unga wa rangi ya kahawia nyekundu ukitoka kwenye viungo vichache, kati ya mabamba. Hiyo ni kutu ya pini inayosagika bila mafuta. Nje cheni inang'aa vizuri kabisa, ina mafuta.

Nimemwuliza motari wake anaweka lini. Akajibu: "Mekano, miye nawekaka kila asubuyi, mbele ya kutoka." Wa moto B anaweka jioni akirudisha moto, akiwa ametoka njiani. Sikusema kitu. Nataka kwanza nione kipimo.

Kilomita 3,000

Cheni ukutani, bido chini. Moto A: 256.1. Moto B: 255.5. Kwa hiyo A imeongezeka milimita 1.9 na B 1.3 kwenye hatua 20.

Mwenye moto alifurahi na akataka tubadilishe zote ziwe 15/45 siku ileile. Mimi furaha yangu ilikuwa nusu, kwa sababu nilikuwa nimefanya hesabu usiku uliotangulia na tofauti hii ni kubwa mno. Hesabu inakwenda hivi. Kipenyo cha pinyo ya meno 14 ni milimita 57.1, cha meno 15 ni 61.1. Nguvu ya kuvuta cheni inashuka hadi asilimia 93 ya ile ya mwanzo. Pembe ya kukunjwa nayo inashuka hadi 93, mbele na nyuma. Lakini cheni ya B inakimbia kasi zaidi, kwa kuwa kila mzunguko wa gurudumu unapitisha pingili 45 badala ya 42. Ni ndefu kwa pingili mbili tu, basi kila kiungo kinakunjwa mara nyingi zaidi kwa asilimia 5 kwa kila kilomita. Ukizidisha vyote, unabaki na asilimia 92 ya usagaji wa mwanzo. Yaani faida ya kama asilimia 8. Kipimo kinanionyesha zaidi ya 30.

Pinyo haiwezi kutoa hiyo peke yake. Kuna kitu kingine ndani, na ninakishuku ni ile asubuhi na jioni. Ila motari hawa wawili hawatofautiani kwa mafuta tu: mmoja anapenda Sake na mizigo, mwingine anakaa zaidi mjini. Njia pekee niliyo nayo ni kubadilisha watu. Kuanzia leo motari wa A anaendesha B, na wa B anaendesha A. Kila mmoja na kichupa chake na saa yake ya kuweka. Wamelalamika wote wawili, kila mmoja akisema ya mwenzake ina breki mbaya.

Kilomita 6,000

Moto A: 257.6. Moto B: 257.2.

Kwa hiyo katika kilomita 3,000 za pili A imeongezeka 1.5 na B imeongezeka 1.7. Mambo yamegeuka. Motari wa asubuhi alisaga 1.9 kwenye A, na sasa 1.7 kwenye B. Motari wa jioni alisaga 1.3 kwenye B, na sasa 1.5 kwenye A. Popote alipokwenda mtu wa asubuhi, cheni ilisagika 0.4 zaidi. Na mtu yeyote alipotoka 14/42 kwenda 15/45, au kinyume, tofauti ilikuwa 0.2. Kalipa yangu na jicho langu vinaweza kukosea 0.1, kwa hiyo hiyo 0.2 siitangazi kwa sauti kubwa. Lakini inaangukia upande ambao hesabu ilisema na haiko mbali nao.

Ile 0.4 nayo sitasema ni mafuta peke yake, kwa sababu ya Sake na mizigo. Ila unga mwekundu unasema kitu. Nilipoanza kukagua viungo, ulikuwa umeanza kutokea kwenye B na umepungua kwenye A. Cheni iliyotoka kazini ina joto. Mafuta yanakuwa mepesi, yanaingia, kisha yana usiku mzima wa kutulia ndani. Ukiweka asubuhi kwenye chuma baridi na kuondoka dakika ileile, mengi yanarushwa kwenye rimu kabla hayajafika kwenye pini, na yaliyobaki nje yanakaribisha vumbi la kwanza la njia.

Nimemwonyesha motari wa asubuhi kiungo kimoja chini ya taa. Amesema atajaribu jioni. Amesema pia jioni anachoka.

Sasa pinyo. Hapa kuna jambo ambalo sikulitegemea kuliona mapema hivi. Kwenye pinyo ya mbele ya A, meno 14 hayajaisha sawasawa: bonde moja lina alama ya kusagika upande wa mbele, la pili lina nafuu, la tatu tena lina alama, hivyo hivyo kuzunguka. Kwenye B, meno 15 yote yanafanana.

Sababu iko kwenye namba. Cheni daima ina pingili za kugawanyika kwa mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Pinyo ya meno 14 nayo inagawanyika kwa mbili. Basi bonde lililopokea rola ya mbele ya pingili ya ndani litaipokea rola ya mbele tu, mzunguko baada ya mzunguko, maisha yake yote. La jirani yake linapokea ya nyuma tu. Cheni ikiwa mpya haina neno, nafasi zote ni 12.7. Lakini cheni iliyochakaa hairefuki sawa kila mahali. Rola mbili za pingili ya ndani zimeshikwa na bushi zilizobanwa kwenye mabamba yaleyale, kwa hiyo nafasi yao haibadiliki. Urefu wote unaangukia kwenye pingili ya nje. Nimepima kwenye A, rola zote zikisukumwa upande mmoja: 12.7, kisha 13.1, kisha 12.7, kisha 13.1. Ndiyo maana pia kipimo cha cheni lazima kichukue hatua zinazogawanyika kwa mbili. Ukipima 19 au 21 unaiba au unaongeza nusu ya uchakavu wa kiungo kizima.

Kwa meno 15 na pingili 118 hakuna namba inayozigawa zote mbili zaidi ya moja, kwa hiyo kila bonde linakutana na kila rola kwa zamu. Faida hii ya 15 sikuiweka kwenye hesabu yangu ya asilimia 8, na kwangu mimi imekuwa sababu nzito zaidi ya kuichagua.

Pinyo za nyuma bado nzuri zote mbili. Kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu jino la mbele linafanya kazi mara tatu, kwa hiyo ni lazima la mbele litangulie. Lakini kuruka kutaanzia nyuma. Cheni ikifika asilimia 2, kwenye pinyo ya 42 inapanda milimita 1.7 juu ya bonde lake. Kwenye ya 14 inapanda 0.6 tu. Motari akisikia "kra" akitia gia ya kwanza kwenye mlima, atafute pale nyuma.

Kinachofuata

A iko asilimia 1.4 juu ya ile 254 ya hesabu, B 1.3. Kwa mwendo huu zitafika 259.1 karibu na kilomita 9,000, labda mapema, kwa sababu uchakavu ukishafungua mwanya mchanga unaingia kwa urahisi zaidi. Nitapima kila kilomita 500 kuanzia sasa.

Mwenye moto ameuliza kama anaweza kubadilisha cheni peke yake zikifika huko na kubakiza pinyo. Kwenye B, nadhani ndiyo kwa pinyo ya nyuma, na ya mbele aibadilishe kwa kuwa bei yake ni ndogo. Kwenye A hapana: ile pinyo ya mbele yenye mabonde ya zamu itaifundisha cheni mpya ubaya wake ndani ya wiki chache. Nimemwagizia pinyo nyingine ya 45 na cheni ya pingili 120 nitakayoikata mwenyewe. A nayo itahamia 15/45.

Motari wa kwanza bado anauliza kuhusu 13.